Picha ya mchoro wa ukumbi mkononi: utajuaje idadi ya wageni, meza na sahani za harusi?

Maswali haya huulizwa na kamati za harusi za Mtwara na Lindi ambazo zimeshapigiwa picha ya mchoro wa ukumbi, ule unaobandikwa ofisini kwa msimamizi, na sasa zinatakiwa kumpa mpambaji idadi ya meza na mpishi idadi ya sahani. Mfano mmoja unatumika kuanzia mwanzo hadi mwisho: ukumbi wenye urefu wa mita 24 na upana wa mita 15, na mchoro unaoonyesha meza 30 za duara, juu yake pameandikwa "watu 300".

Mchoro unasema watu 300. Kwa nini nisiandike 300 moja kwa moja?

Kwa sababu mchoro wa ofisini huonyesha ukumbi ukiwa umejazwa meza na kitu kingine hakuna. Harusi ina jukwaa la maharusi, njia ya kuingilia, uwanja wa kucheza na kutoa zawadi, meza ya keki, spika za mpiga muziki na meza za chakula. Vyote hivyo vinakaa pale pale palipochorwa meza. Isitoshe, namba ya juu ya mchoro mara nyingi imetokana na mikutano, ambako viti hupangwa kwa mistari bila meza. Kabla ya yote muulize msimamizi: "Hii namba ni ya viti vitupu, au ya watu wanaokula mezani?" Majibu hayo mawili yanaweza kutofautiana hata kwa nusu ya ukumbi.

Picha ipigwe vipi ili iweze kuhesabika?

Simama uso kwa uso na mchoro, simu iwe sambamba na ukuta na katikati ya karatasi, si chini ukiielekeza juu. Zima mwanga wa kamera, maana mchoro ulio ndani ya plastiki au kioo humeremeta na meza mbili tatu hupotea ndani ya mng'ao. Hakikisha pembe zote nne za karatasi zinaonekana. Baada ya hapo piga picha nyingine za karibu, za maandishi ya vipimo peke yake.

Ukishapiga, angalia zile duara za meza. Zikiwa zimegeuka yai, picha imepigwa kwa mshazari. Pima kwa rula kwenye kioo cha simu: upande mfupi wa yai ukiwa chini ya sehemu tisa kwa kumi za upande mrefu, rudia kupiga. Picha ya mshazari bado inafaa kwa kuhesabu meza, lakini haifai kupimia nafasi.

Anayekutumia picha kwa WhatsApp mwambie aitume kwa njia ya Document. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na maandishi madogo ndiyo huumia kwanza: 6 inasomeka 8, na 1.5 inakuwa 15.

Nahesabuje meza bila kurudia au kuruka?

Fungua picha kwenye sehemu ya kuhariri ya simu, chukua kalamu ya rangi, na kila meza uliyohesabu iwekee nukta. Hesabu mara mbili kwa njia mbili tofauti: kwanza kwa safu za kwenda jukwaani, halafu kwa mistari ya kukata upana. Majibu yasipolingana, kuna meza iliyojificha, na mara nyingi imejificha nyuma ya alama ya nguzo au kwenye kona iliyokunjika.

Mchoro wa mfano wetu una safu 5 za meza 6. Kwa upana tunapata mistari 6 ya meza 5. Zote ni 30, kwa hiyo hesabu ya mchoro iko sawa. Kuhesabu sawasawa hakuthibitishi kwamba meza hizo zinaenea ukumbini, na hapo ndipo kamati nyingi hukwama.

Nitajuaje kwamba meza 30 kweli zinaenea?

Tafuta mambo mawili: kipenyo cha meza, na umbali kutoka katikati ya meza moja hadi katikati ya inayofuata.

Meza za duara zinazokodishwa ziko hasa za namna mbili. Ya futi 5, yaani kama mita 1.5, inakaa watu 8. Ya futi 6, kama mita 1.8, inakaa watu 10. Sababu ni mzingo: meza ya mita 1.8 ina mzingo wa mita 5.65 hivi, na ukigawa kwa watu 10 kila mmoja anapata sentimita 56. Chini ya hapo viwiko vinagongana. Kumbuka pia kwamba viti vya plastiki vyenye mikono ni vipana kuliko viti vya chuma vinavyovalishwa vitambaa. Kumi vya plastiki kwenye meza ya futi 6 vitagusana, na mgeni akitaka kutoka itabidi jirani yake asogee. Kwa viti hivyo panga 9.

Sasa umbali. Mtu aliyekaa anachukua kama nusu mita nyuma ya ukingo wa meza. Meza mbili zikipakana, watu wanapeana migongo, kwa hiyo mita nzima imeshaliwa na viti. Mhudumu mwenye trei ya soda anahitaji nusu mita nyingine ya kupita. Jumla ni mita 1.5 kutoka ukingo hadi ukingo. Ongeza kipenyo cha meza ya futi 6, unapata mita 3.3 kutoka katikati hadi katikati. Hiyo namba 3.3 iandike mahali, utaitumia sana. Kwa meza ya futi 5 ni mita 3.

Rudi kwenye mchoro. Safu 5 kwenye upana wa mita 15 maana yake kila safu imepewa mita 3. Toa kipenyo cha 1.8, kati ya ukingo na ukingo inabaki mita 1.2. Viti vya pande mbili vinachukua mita 1, inabaki sentimita 20. Hapo hapiti mtu, seuze mama aliyebeba mtoto. Aliyechora alichora meza bila viti.

Sasa ukumbi huu unachukua meza ngapi kwa kweli?

Anza na urefu. Jukwaa la maharusi na nafasi ya wapiga picha mbele yake vinakula mita 4, inabaki 20. Gawa kwa 3.3, unapata mistari 6. Upana wa 15 gawa kwa 3.3, unapata safu 4, na inabaki mita 1.8 ambayo inakaa vizuri katikati kama njia ya maharusi. Safu 4 mara mistari 6 ni meza 24.

Bado hujamaliza. Kwenye mstari wa kwanza ondoa meza mbili za katikati ili pawe na uwanja wa kucheza na kutoa zawadi. Unapata eneo la karibu mita 8.4 kwa 3.3 ukijumlisha na ile njia. Kwenye mstari wa nyuma ondoa mbili za upande mmoja, pale pawekwe chakula. Zimebaki meza 20.

Meza nne za mbele, yaani mbili zilizobaki mstari wa kwanza na mbili za katikati mstari wa pili, ni za wazazi na wazee wa pande mbili. Hizo zikalishe watu 8, si 10, maana wanasimama mara nyingi kwa ajili ya utambulisho na kutunza, na wengine wana mikongojo. Kwa hiyo: meza 4 × watu 8 = 32, na meza 16 × watu 10 = 160. Viti vya wageni ni 192, mbali na maharusi na wasimamizi wao wawili walioko jukwaani.

Kutoka 300 tumeshuka hadi 192, na hakuna aliyedanganya.

Mchoro hauna vipimo vyovyote. Nifanyeje?

Unahitaji urefu mmoja tu wa kweli. Ukumbi ukiwa na marumaru sakafuni kazi ni rahisi: pima kigae kimoja, mara nyingi ni sentimita 40, 50 au 60, kisha hesabu vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Vigae 25 vya sentimita 60 ni mita 15. Usikisie ukubwa wa kigae kwa macho. Kosa la sentimita 10 kwa kigae, mara 25, ni mita 2 na nusu, na hizo ni karibu safu nzima ya meza.

Ukishapata upana wa kweli, upime huo huo kwenye picha iliyochapishwa. Ukiwa sentimita 15 kwenye karatasi, basi kila sentimita ni mita moja. Pima upana wa ukumbi sehemu ya juu ya picha na sehemu ya chini. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya ishirini, picha ina mshazari, usiitumie kupimia.

Nina picha ya ukumbi wenyewe uliopambwa kwa harusi ya watu wengine, si mchoro. Inafaa?

Inafaa kwa kuangalia nguzo, feni, milango na soketi za umeme. Kwa kuhesabu meza ni hatari. Picha iliyopigwa kutoka mlangoni hubana meza za mbali hadi zikaonekana zimegusana, na mapambo marefu ya katikati ya meza huficha zilizo nyuma. Kamera za simu zenye lenzi pana nazo huufanya ukumbi uonekane mrefu kuliko ulivyo. Kama huna kingine, hesabu meza za safu iliyo karibu nawe tu, halafu hesabu safu kwa kuangalia feni au taa za darini, ambazo hazifichwi na mapambo. Jibu lichukue kama dokezo la kwenda kuthibitisha kwa miguu.

Viti tumepata. Wageni nitawakadiriaje kutokana na kadi?

Kadi ya dabo ni watu wawili, ya singo ni mmoja. Tuseme kamati imetoa dabo 70 na singo 45. Hiyo ni 140 na 45, jumla 185. Ongeza ndugu wa karibu wa pande mbili ambao hawapewi kadi, tuseme 30. Wakija wote ni 215, na viti ni 192.

Hapo usikimbilie kupunguza kwa asilimia uliyosikia kwa harusi ya jirani. Pitia orodha jina kwa jina na ugawe mafungu matatu: wa uhakika, wa mashaka, na wa safari. Wa mashaka wapigiwe simu. Wa safari waangalie kwa namna ya pekee, kwa sababu hawaji mmoja mmoja. Wageni wanaotoka Newala, Tandahimba au Nachingwea huchanga na kukodi Costa; gari likipatikana wanakuja wote, likiharibika hawaji wote. Kwa hiyo ulizia gari, si mtu: limeshalipiwa? Linaingia mjini saa ngapi? Jibu la dereva mmoja linakupa watu zaidi ya ishirini kwa mara moja.

Katika mfano huu, baada ya simu, wenye kadi wanaotarajiwa ni 150, na ndugu 30. Jumla 180, wakiwemo watoto 14.

Jambo moja la hapa kwetu: harusi inayoangukia msimu wa korosho, wakati malipo ya minada yanapoingia, hujaza kuliko ile ya miezi ya ukata. Kadi za mashaka za wakati huo zihesabu kama za uhakika.

Watu 180 kwa viti 192. Mbona siku yenyewe bado watu husimama?

Kwa sababu ya viti vya pengo. Mume na mke wakikuta meza imebaki kiti kimoja hawatakaa wakatengana, watakwenda meza inayofuata. Meza 16 zikibaki na pengo moja kila moja, umepoteza viti 16, wakati ziada yako ni 12 tu.

Dawa ni wapokeaji mlangoni wanaojua kadi. Wenye dabo wajazwe kwanza, meza hadi meza, bila kuacha nyingine wazi. Wenye singo, na hapa wapo 45, watumike kuziba mapengo. Mapokezi yasipokuwepo watu huanzia meza za karibu na feni na mlango, na zile za pembeni ya spika hubaki nusu tupu huku wengine wamesimama barazani.

Viti vya plastiki 25 viwekwe nje vimepangwa juu kwa juu, kwa ajili ya wale 23 waliozidi iwapo wote watatokea. Usivipange ndani mapema, vitakaliwa tu na njia zitaziba.

Kutoka idadi ya wageni nafikaje idadi ya sahani?

Usimpe mpishi namba ya viti wala ya kadi. Mpe ya sahani, nayo inapatikana hivi:

Wageni wazima ni 180 kutoa 14, yaani 166. Watoto wa chini ya miaka kumi wahesabu nusu sahani, kwa hiyo 14 wanakuwa 7. Jukwaani wapo 4. Kisha wafanya kazi: mshereheshaji, mpiga muziki na msaidizi wake, wapiga picha, wapambaji, wapokeaji, walinzi, madereva. Hao husahaulika kila harusi na kila harusi wanakula. Hapa wako 18.

166 + 7 + 4 + 18 = 195. Ongeza akiba ya sehemu moja kwa ishirini, karibu 10. Sahani ni 205.

Akiba isiongezwe mara mbili. Katibu anaongeza kumi, mweka hazina anaongeza ishirini, mpishi naye kwa kujilinda anaongeza yake, mwisho mmepika ya watu 260. Akubaliane mtu mmoja na mpishi, namba iandikwe, na ieleweke kwamba akiba imo ndani.

Sahani 205 ni kilo ngapi za chakula?

Inategemea vyakula vingapi viko mezani. Pilau ikiwa peke yake, kadiria gramu 150 za mchele mkavu kwa mtu mzima. Vikiwa viwili au vitatu vya wanga, mtu hachukui 150 ya kila kimoja, anagawa. Kosa kubwa la kamati ni kupigia hesabu kila chakula kana kwamba ndicho pekee.

Tuchukue meza ya chakula ya kawaida ya pwani: pilau ya ng'ombe, wali wa nazi, ndizi, kuku, mchuzi wa samaki, kachumbari na tunda.

Mchele wa pilau gramu 90 kwa sahani ni kilo 18 na nusu, nunua 19. Mchele wa wali wa nazi gramu 50 ni kilo 10 na robo, nunua 11. Nazi za wastani mbili kwa kila kilo ya mchele, yaani 22, na mbili tatu za ziada kwa sababu kila rundo halikosi iliyooza. Nyama ya pilau gramu 100 yenye mfupa kidogo, kilo 21.

Pilau ya kilo 19 isipikwe sufuria moja. Chini itashika ukoko mnene na juu itabaki na kiini, na ukoko huo ni sahani ulizozilipia ambazo hazitafika mezani. Gawa sufuria mbili, ya pili iive karibu na muda wa kula.

Kuku hesabu kwa vipande, si kwa kilo. Kuku mmoja wa kisasa hukatwa vipande 8. 205 gawa kwa 8 ni 25.6, yaani kuku 26. Nunua 28, maana shingo na migongo ikihesabiwa kama vipande wageni hawaikubali.

Samaki si kila mtu atachukua akishakuwa na kuku. Panga vipande 103, nusu ya sahani, vya gramu 100 baada ya kusafishwa. Hiyo ni kilo 10 na kidogo za minofu na mifupa yake. Samaki mzima hupoteza kama theluthi kwa kichwa, matumbo na magamba, kwa hiyo nunua kilo 16. Nguru hukatika vipande vizuri. Harusi ikiwa miezi ya kusi kali, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na samaki hupungua mnadani. Kuwa na mpango wa kuongeza kuku 6 na kuacha samaki, badala ya kununua chochote kitakachopatikana asubuhi ile.

Vinywaji visipigwe kwa sahani bali kwa watu na saa. Kwa sherehe ya muda wa saa nne na joto la huku, kadiria soda moja na nusu na maji ya nusu lita chupa moja na nusu kwa mtu. Watu ni 180 + 4 + 18 = 202, na 202 mara moja na nusu ni 303. Kreti ya soda ina chupa 24, kwa hiyo kreti 13. Maji nayo katoni 13 kama katoni ina 24. Hesabu kabla ya kulipa, kwa sababu katoni hazifanani. Kubaliana na muuzaji kwamba soda ambazo hazikufunguliwa zinarudishwa.

Chakula kilitosha kwa hesabu lakini meza za nyuma zikakosa kuku. Kwa nini?

Kwa sababu kila mtu alijipakulia. Wali ukijipakulia wengi hawamalizi, lakini kuku kila mmoja huchukua viwili kama hakuna anayemwangalia. Wageni 60 wa kwanza wakichukua viwili viwili, vipande 120 vimeondoka, na kati ya 224 ulivyokuwa navyo vimebaki 104 kwa watu zaidi ya 120.

Weka mhudumu mwenye koleo kwenye kuku na samaki peke yake. Vingine vyote wageni wajipakulie. Meza ya wazazi na jukwaa wapelekewe. Vipande vya wafanya kazi 18 vitengwe mapema kwenye chombo chenye mfuniko, kisha mfuniko uandikwe.

Angalia pia mahali meza ya chakula ilipo kwenye mchoro. Ikiwa imesukumwa ukutani, foleni ni moja. Mtu mmoja hutumia kama sekunde 20 kupakua, kwa hiyo watu 180 ni dakika 60, na wa mwisho anakula baridi. Ivute mbali na ukuta kwa mita 1.5 ili watu wapite pande mbili, muda unashuka hadi nusu saa. Ndiyo maana tuliondoa meza mbili za nyuma na si moja. Vyombo vipangwe sawasawa pande zote mbili, la sivyo foleni moja itahamia nyingine kufuata nyama.

Harusi yetu ni ya walima, watu wanakaa majamvini. Hesabu inabadilika?

Inabadilika sana. Acha meza, hesabu sinia. Sinia moja ya watu 5 inahitaji eneo la kama mita 2 kwa 2, pamoja na njia ya mwenye birika la kunawa. Mchele gramu 150 kwa mtu, yaani robo tatu ya kilo kwa sinia, kwa sababu hapo pilau ndiyo chakula chenyewe. Nyama igawanywe jikoni kwa kila sinia kabla haijatoka. Hesabu wanaume na wanawake mbali mbali, maana wanakaa sehemu mbili na sinia nusu tupu hutokea pande zote mbili: wanaume 83 ni sinia 17, si 16.6. Watoto hapa huhesabika vibaya kila mara, kwa sababu wanakula sinia ya mama na kisha ya bibi.

Mchoro wa mwisho nimpe nani, na lini?

Chora upya wa kwako. Usifute kwenye picha ya zamani. Karatasi moja, meza 20 zenye namba kuanzia mlangoni, njia ya maharusi, meza ya chakula, spika, na idadi ya viti ikiandikwa ndani ya kila duara. Upige picha kwa namna ile ile iliyoelezwa juu, na mpambaji, mpishi na mkuu wa mapokezi wapewe picha hiyo hiyo moja. Picha ya zamani ya meza 30 ifutwe kwenye kundi la kamati, la sivyo mpambaji atakodi vitambaa 30 na viti 300 na mtavilipia.

Mchele na viungo vinaweza kununuliwa wiki moja kabla. Kuku na nyama muuzaji anataka namba siku tatu kabla. Samaki ni asubuhi ya siku yenyewe. Kwa hiyo simu za watu wa mashaka na za madereva wa Costa zimalizike siku nne kabla. Baada ya hapo kinachoweza kubadilika bila hasara ni soda, kachumbari, na vile viti vya plastiki vya barazani.